Ripoti Husoma Faili, Haisomi Tasnifu

Kabla mfumo wa ufanano haujalinganisha sentensi yako na ya mtu mwingine, hufanya kazi moja isiyoonekana kwenye ripoti. Hulivua faili mapambo yote na kubaki na mkururo mmoja wa herufi, kutoka jalada hadi kiambatisho cha mwisho. Majedwali hupoteza mistari yake, tanbihi huhama, milinganyo hukatika vipande. Mkururo huo ndio unaolinganishwa na hazina ya maandiko, na ndio unaopimwa na kigunduzi cha akili unde. Msimamizi anaona asilimia. Mkururo wenyewe mara nyingi hauangaliwi na mtu yeyote, na hapo ndipo mwanafunzi anapoonewa, au anapopita na kosa ambalo lingepaswa kuonekana.

Nayajibu hapa madai ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wanafunzi, wasimamizi na vijana wa steshenari zilizozunguka vyuo vyetu. Nitatumia tasnifu moja ya mfano. Ni ya kubuni, lakini aina yake inajulikana vizuri Tanzania na Kenya: ya uzamili wa elimu, imeandikwa kwa Kiingereza, ina kurasa 90 na maneno 20,000. Ina fomula ya Yamane katika sura ya tatu, majedwali katika sura ya nne, na dodoso mwishoni.

Dai: "Faili la Word na PDF yake ni hati ile ile."

Kwa macho ni ile ile. Kwa programu inayochomoa maneno, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Faili la DOCX ni kifurushi kilichobanwa. Ukikifungua utakuta matini kuu katika `word/document.xml`, na tanbihi zimekaa peke yake katika `word/footnotes.xml`. Jedwali limewekewa alama ya kuwa ni jedwali, na mlinganyo umewekewa alama yake. Kwa hiyo programu inayolisoma ina namna ya kujua kipi ni aya, kipi ni kisanduku cha jedwali na kipi ni maelezo ya chini.

PDF, ambayo kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993, ilitengenezwa kwa shabaha nyingine: ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila mashine ya kuchapisha. Kwa hiyo kinachohifadhiwa humo hasa ni maagizo ya kuchora. Weka umbo hili la herufi mahali hapa, lile mahali pale. Nafasi kati ya neno na neno huenda haikuandikwa popote, na programu huikisia kwa kupima pengo. Mpangilio wa kusoma nao hukisiwa. Ukurasa wenye safu mbili unaweza kusomwa kwa kukatisha safu zote mbili kwa mstari mmoja, hivyo nusu ya sentensi ya kushoto ikaungana na nusu ya sentensi ya kulia.

Kuna jambo dogo ambalo idara za Kiswahili zinapaswa kulijua. Fonti nyingi huunganisha herufi f na i kuwa umbo moja. Ikiwa PDF haikubeba maelezo kwamba umbo hilo ni herufi mbili, neno "utafiti" hutoka kwenye mkururo likiwa "uta ti", au likiwa na alama ngeni katikati. Hebu fikiria neno hilo linatokea mara ngapi katika tasnifu moja. Kila linapovunjika, mfuatano wa maneno uliokuwa ulingane na chanzo hukatika, na asilimia inashuka bila mtu kukusudia.

Halafu kuna kichwa cha ukurasa. Kama tasnifu yetu ya mfano ina kichwa cha maneno 14 juu ya kila ukurasa, PDF inaweza kuyaingiza yote kwenye mkururo: 14 mara 90 ni maneno 1,260 ambayo hakuna aliyeyaandika kama sehemu ya hoja. Hayo huongeza jumla ya maneno, nayo hukata sentensi yoyote iliyovuka kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine.

Njia ya kuona haya ipo, na haina gharama. Programu ya `pdftotext`, iliyomo katika kifurushi cha bure cha Poppler, huchomoa maneno hivi:

```
pdftotext tasnifu.pdf tasnifu.txt
wc -w tasnifu.txt
```

Amri ya pili huhesabu maneno. Asiyependa amri anaweza kufungua PDF, kuchagua matini yote, kunakili na kubandika kwenye Notepad. Njia hizi hazichomoi maneno kwa namna ileile kabisa kama mfumo wa chuo, lakini matini iliyovurugika hapa kuna sababu nzuri ya kuishuku na kule. Anayetumia Turnitin ana kitu bora zaidi: ripoti ina mwonekano uitwao `Text-Only Report`, unaoonyesha maneno kama mfumo ulivyoyapata. Huo ndio ukurasa wa kwanza ambao msimamizi angepaswa kuufungua.

Dai: "Asilimia 22 ni asilimia 22, iwe imetoka wapi."

Asilimia ni kugawanya: maneno yaliyofanana kwa maneno yote. Tuigawanye basi tasnifu yetu. Aya za hoja zina maneno 14,000, na kati yake 1,120 yamefanana na vyanzo. Marejeleo yana maneno 2,500, na 2,000 yamefanana, jambo la kawaida kabisa, kwa kuwa jina la kitabu halina namna mbili za kuandikwa. Majedwali yana maneno 2,500, yaliyofanana 300. Viambatisho vina maneno 1,000, na 900 yamefanana, kwa sababu dodoso ni la kawaida lililokwisha kutumiwa na wengine na mwandishi ametaja lilikotoka.

Jumla ya yaliyofanana ni 4,320 kati ya 20,000. Hiyo ni asilimia 21.6, na ripoti itaandika 22. Ukiangalia aya za hoja peke yake, ambako wizi wa maandishi ungekuwa na uzito, ufanano ni asilimia 8.

Msimamizi atasema kwamba ndiyo maana mfumo una kitufe cha kuacha marejeleo. Kweli kipo, na kikifanya kazi maneno 2,000 huondoka kwenye yaliyofanana na ripoti hushuka hadi 12, au 13 ikiwa jumla ya maneno nayo imepunguzwa. Lakini kitufe hicho hakijui marejeleo ni nini. Kinatafuta kichwa cha habari kinachokitambua, kikiwa kimesimama peke yake kwenye mstari wake. Mwanafunzi aliyepanga marejeleo yake ndani ya jedwali lisilo na mistari ili yakae sawa, au aliyeweka kichwa hicho ndani ya kisanduku cha matini, au ambaye PDF yake imekiunganisha kichwa na namba ya ukurasa, anaweza kukinyima kitufe kile alama kinachoitafuta. Kitufe kimewashwa, msimamizi anaamini marejeleo yameachwa, na kumbe yamehesabiwa. Kama kikomo cha chuo ni asilimia 20, kazi ileile inapita au inarudishwa kwa sababu ya mpangilio wa mstari mmoja.

Kuligundua hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fungua ripoti, nenda kurasa za marejeleo. Zikiwa zimejaa rangi ilhali kitufe kimewashwa, kitufe kimeshindwa. Turnitin wenyewe wanasema bayana kwamba mfumo wao hautambui wizi wa maandishi, unaonyesha ufanano tu. Nashangaa ni barua ngapi za kurudisha kazi zimeandikwa na watu waliosoma namba iliyo juu na kuishia hapo.

Dai: "Milinganyo haina maneno, kwa hiyo haihusiki."

Karibu kila mtafiti wa sayansi ya jamii kwetu hupitia fomula ya Taro Yamane ya ukubwa wa sampuli. Tuseme walimu ni 1,200 na kiwango cha makosa ni 0.05. Chini ya mstari wa mgawanyo unapata 1 kuongeza 1,200 mara 0.0025, yaani 4, na sampuli inakuwa watu 300. Kwenye ukurasa inapendeza. Kwenye mkururo uliochomolewa kutoka PDF inaweza kuwa hivi:

```
n = N 1 + N(e)2 n = 1200 1 + 1200(0.05)2 n = 300
```

Mstari wa mgawanyo umepotea, kwa sababu ulikuwa mchoro na si herufi. Kipeo kimegeuka kuwa 2 ya kawaida. Kihisabati haya ni makosa matupu, ila kwa mfumo wa ufanano ni mkururo wa vipande kama mwingine wowote, na vipande hivyo vimo katika maelfu ya tasnifu zilizokwisha kuhifadhiwa. Uzito hasa uko katika sentensi inayofuata, ile inayoeleza kwamba n ni ukubwa wa sampuli, N ni idadi ya walengwa na e ni kiwango cha makosa. Hakuna njia kumi za kusema hivyo. Fomula na maelezo yake huungana kuwa kipande kirefu kimoja chenye rangi nyekundu, na mwanafunzi anaulizwa kwa nini amenakili.

Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970 ni ndugu yake. Walengwa 100, sampuli 80, walengwa 1,000, sampuli 278, na kuendelea. Ukiliandika kwa tarakimu kwenye kiambatisho, linaweza kufanana kisanduku kwa kisanduku na kila aliyeliandika kabla yako. Na lazima lifanane: tarakimu zake zikitofautiana na za wengine, umelinakili vibaya.

Kuna upande wa pili. Mlinganyo uliotengenezwa kwa kifaa cha milinganyo cha Word unaweza kutoka kwenye mkururo ukiwa na herufi za kihisabati zenye namba zake za pekee. Ile 𝑛 ya mlazo si n ya kawaida, ingawa jicho halioni tofauti kubwa. Turnitin ina sehemu ya maonyo inayotafuta herufi zilizobadilishwa na maandishi yaliyofichwa, hila ambazo walaghai huzitumia kukwepa kulinganishwa. Herufi za Kigiriki na alama za hesabu ni za halali kabisa katika fomula. Msimamizi anayeona onyo la aina hiyo anatakiwa afungue ukurasa wenyewe na kuangalia: alama ngeni iko ndani ya mlinganyo, au iko katikati ya neno la kawaida ndani ya aya? Ya kwanza ni hisabati. Ya pili inahitaji maelezo.

Dai: "Tanbihi ni za chini ya ukurasa, haziingilii matini."

Wanasheria, wanahistoria na wanatheolojia ndio wanaoumia hapa. Katika mkururo wa PDF hakuna "chini ya ukurasa". Kuna kinachofuata tu. Sentensi inayoanza mwishoni mwa ukurasa wa 41 na kuishia mwanzoni mwa ukurasa wa 42 inaweza kukatwa na tanbihi tatu, namba ya ukurasa, na kichwa cha ukurasa unaofuata, ndipo iendelee.

Madhara yanakwenda pande mbili. Mosi, dondoo. Kitufe cha kuacha dondoo hutegemea alama za kufungua na kufunga. Dondoo lililofunguliwa ukurasa mmoja na kufungwa unaofuata, huku katikati pamejaa tanbihi zenye alama zake za kunukuu, huvuruga hesabu ya alama hizo. Dondoo halali likahesabiwa kuwa wizi, au aya ya mwandishi ikachukuliwa kuwa dondoo na kuachwa. Dondoo refu lililosogezwa ndani bila alama za kunukuu liko hatarini zaidi: usogezaji ni mpangilio unaotambulika katika faili la Word, ilhali PDF huugeuza kuwa nafasi tupu pembeni.

Pili, namba ndogo ya tanbihi iliyokaa juu ya neno hushuka na kujiunga nalo. "Ujamaa" inakuwa "Ujamaa12", neno ambalo halimo katika chanzo chochote. Sasa angalia linavyofanya kazi pamoja na mipangilio. Vyuo vingi huamuru mfumo uache mifanano mifupi, tuseme iliyo chini ya maneno 10. Sentensi ya maneno 17 iliyonakiliwa neno kwa neno, ikiwa neno lake la tisa limebandikwa namba ya tanbihi, inabaki na vipande viwili vya maneno manane. Mfumo unaoshikilia mfuatano kamili wa maneno utaviacha vyote viwili. Mwizi amepita kwa msaada wa tanbihi ambayo hakuiweka kwa hila. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema makosa haya daima yanamwonea mwanafunzi. Yanaivuruga namba, na namba iliyovurugika haina upande.

Dai: "Alama ya kigunduzi cha akili unde ni sehemu ya hati nzima."

Hapa kigunduzi kinatumia hesabu nyingine kabisa, na wachache wanaijua. Kigunduzi cha Turnitin, kilichozinduliwa Aprili 2023, hakipimi kila kitu. Kinapima sentensi za nathari zilizo katika aya ndefu. Orodha, majedwali, msimbo wa kompyuta na ushairi haviingii. Kinahitaji angalau maneno 300 ya nathari ya aina hiyo ili kitoe alama, na asilimia yake ni ya nathari hiyo tu. Kinafanya kazi kwa lugha chache zilizotangazwa, kama Kiingereza, Kihispania na Kijapani. Tasnifu ya Kiswahili haimo, na anayedai kuwa na alama ya kigunduzi hiki kwa kazi ya Kiswahili aulizwe ameipata wapi.

Tuiache tasnifu kidogo tuchukue ripoti ya maabara ya fizikia yenye maneno 1,800. Mengi ni majedwali ya vipimo, hatua zilizoorodheshwa na milinganyo, na nathari halisi ni maneno 320. Kigunduzi kikishuku maneno 160, ripoti itasema asilimia 50. Mwalimu anaamini nusu ya kazi imeandikwa na mashine, wakati maneno yaliyoshukiwa hayafiki asilimia 9 ya hati.

Sasa mwanafunzi huyo aigeuze kazi kuwa PDF. Hatua zilizoorodheshwa zikipoteza alama zake na kusomeka kama aya, nathari inaweza kupanda hadi maneno 800. Maneno 160 yaleyale sasa ni asilimia 20. Au hatua hizo nazo zishukiwe, kwa kuwa sentensi za utaratibu wa maabara hufanana kila mahali, na alama ipande badala ya kushuka. Au milinganyo ikate aya hadi nathari inayotambulika ibaki maneno 290, na kusiwe na alama yoyote. Mwandishi ni mmoja na maneno ni yaleyale. Tukumbuke pia kwamba alama kati ya 1 na 19 Turnitin huzionyesha kwa kinyota bila namba, kwa sababu wao wenyewe wanaona katika eneo hilo uwezekano wa kumtuhumu asiye na kosa ni mkubwa zaidi.

Vigunduzi vingine vina udhaifu wao. GPTZero ilipotoka Januari 2023 ilieleza kwamba hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Matini iliyochanganyika na vipande vya jedwali haitabiriki, hivyo huelekea kuonekana ya binadamu. Aya safi, iliyonyooka, ya kueleza mbinu za utafiti hutabirika, hivyo huelekea kushukiwa. Faili lililoharibika linaweza kumpa mwandishi wake nafuu ambayo aliyepanga kazi yake vizuri hakuipata, na sioni haki katika hilo.

Dai: "Geuza majedwali na fomula kuwa picha, asilimia itashuka."

Ushauri huu hutolewa kwa bei steshenari, na sehemu yake moja ni kweli: picha haina maneno ya kuchomolewa, kwa hiyo haifanani na kitu. Ndiyo sababu hati iliyopigwa skana tu, bila kutambuliwa maandishi, Turnitin huikataa. Mfumo unataka angalau maneno 20 yanayosomeka.

Lakini tufanye hesabu. Majedwali ya tasnifu yetu yakigeuzwa kuwa picha, maneno 2,500 huondoka kwenye jumla na 300 kwenye yaliyofanana. Inabaki 4,020 kati ya 17,500, yaani karibu asilimia 23. Asilimia imepanda. Ufanano ndani ya majedwali ulikuwa mdogo kuliko ufanano wa hati nzima, kwa hiyo kuyaondoa kumeiacha namba ya chini ya mgawanyo ikiwa ndogo. Mwanafunzi amelipa fedha, ameharibu majedwali yake, na msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusoma kwa sauti hatapata kitu humo.

Kuficha maneno yaliyonakiliwa ndani ya picha ni jambo lingine tena. Huo ni udanganyifu, na unaonekana: ukurasa umejaa maandishi, ilhali katika `Text-Only Report` sehemu hiyo ni tupu. Anayetaka kuupinga uamuzi juu ya kazi yake kihalali anahitaji vitu vitatu mezani: faili la Word la awali, PDF iliyowasilishwa, na mkururo uliochomolewa na mfumo. Aombe kwanza faili la Word lipimwe kwa mipangilio ileile. Kama namba mbili zinatofautiana kwa zaidi ya asilimia moja au mbili, mazungumzo na msimamizi yaanzie kwenye kurasa ambako mikururo miwili inaachana, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kabla ya yeyote kuandika neno wizi kwenye fomu.